Dola ya njano na alama ya 18+: kichwa cha video yako kimekwama wapi na uandike nini badala yake

Watu wenye chaneli za YouTube huku kwetu wakikwama swali ni lile lile, "nipe orodha ya maneno yaliyokatazwa." Hio orodha haipo jamani. YouTube haitoi karatasi ya maneno, inatoa kanuni za aina ya maudhui, na kinachoangaliwa ni kichwa, kava, maelezo, tagi na video yenyewe, vyote kwa pamoja. Ndio maana neno "damu" likipita kwenye chaneli ya daktari laweza kukwama kwenye chaneli ya habari za mtaani, na wote wawili wameandika herufi nne zile zile. Kwa hivyo hapa sitakupa orodha, nitakwenda kwa dalili, unatafuta yako halafu unaanza na vitu vyepesi kabla hujavunja nyumba.

Kwanza jua umepigwa na kipi

Fungua YouTube Studio kwenye kompyuta kama unaweza, simu inaficha vitu vingi. Bonyeza `Content` halafu angalia safu mbili. Safu ya `Monetization` ndio yenye dola, ikiwa ya njano ukiweka mausi juu yake itakwambia `Limited or no ads`, yani watu wanatazama kama kawaida lakini matangazo ni machache au hamna kabisa. Kidogo cha wale wanaolipia Premium bado utapata, lakini usikitegemee kulipa kodi ya nyumba.

Safu ya `Restrictions` ndio ya umri. Ikiwa video imefungiwa 18+, aliye chini ya miaka 18 haioni, na hata mtu mzima ambaye hajaingia na akaunti yake haioni vilevile, na ukiibandika kwenye tovuti nyingi za nje haichezi. Hapo sasa unapoteza watazamaji kwanza, halafu pesa inafuata nyuma.

Hizi ni hukumu mbili tofauti na kila moja ina rufaa yake. Video yaweza kuwa na moja, yaweza kuwa na zote mbili. Nimeona mtu amekaa wiki nzima akipigania dola na kumbe kilichomuua ni 18+ ambayo hata hajaifungua kuiangalia.

Dalili ya 1: Dola imegeuka njano mara tu umeweka video, na wewe wajua ndani hamna kitu kibaya

Kitu cha kuangalia kwanza hakina uhusiano na kichwa. Wakati unapandisha video kuna ukurasa wa `Ad suitability` ambapo unajaza mwenyewe kama kuna matusi, vurugu, dawa za kulevya na kadhalika. Watu wanabonyeza mbio mbio kama wanakimbilia feri, wanatia alama mahali sipo, halafu wanalaumu mashine. Fungua ile video tena usome ulichojaza. Lakini pia usidanganye kwa upande wa pili, manake YouTube inaweka kumbukumbu ya vile unavojikadiria, ukiwa mkweli mara nyingi ndio wanaanza kuamini majibu yako, ukiwa mwongo wanaacha kukusikiliza.

Kama majibu yako sawa, sasa njoo kwenye kichwa. Sababu ninayoikuta zaidi kwa chaneli za hapa Pwani ni kichwa kinachouza tukio badala ya kulieleza. Chukua mfano wa habari za vijana wenye mapanga, ambazo Kisauni na Likoni tumezizoea kwa bahati mbaya. Video ni mahojiano na wazee wa mtaa wamekaa barazani wanaeleza, hamna hata tone la damu. Lakini kichwa ni hiki:

*KIJANA ACHINJWA KAMA MBUZI KISAUNI!! TAZAMA DAMU (UNCUT)*

Angalia kinachofanyika hapo. "Achinjwa" ni kitendo, "damu" ni kitu cha kuonekana, "tazama" ni mwaliko, "uncut" ni ahadi kwamba hamna kilichofichwa. Mashine na binadamu wa YouTube wote watasoma kwamba unamwita mtu aje afurahie mwili uliokatwa. Mwenye kampuni ya sabuni hataki tangazo lake likae hapo, na kusema kweli hata mimi nisingetaka. Andika hivi:

*Kisauni: wazee wa mtaa waeleza usiku wa mashambulizi na vile vijana wanavyoingizwa kwenye magenge*

Nimeacha "mashambulizi," nimeacha "magenge," sijaficha kwamba kuna vurugu. Nilichotoa ni mwili wa mtu na ule mwaliko wa kuutazama, nikaweka mahali, nani anaongea, na anaongea kuhusu nini. Hio ndio njia ninayoitumia kwa kila kichwa cha habari nzito, toa mwili, weka mahali na msemaji. "Maiti zafukuliwa, tazama zilivyooza" ukiwa unaongelea Shakahola inakuwa "Shakahola: familia zinazosubiri majibu tangu makaburi kufukuliwa 2023." Watu bado watabonyeza, kila mtu Pwani anajua Shakahola ni nini, huhitaji kumuonyesha mfupa.

Kava lifuate kichwa. Ukisafisha maneno halafu kava bado ina panga lenye rangi nyekundu na mshale, umefagia ukumbini ukaacha taka mlangoni.

Sababu ya tatu, ambayo watu hawaipendi, ni kwamba video yenyewe ndio ina tatizo na kichwa hakina hatia. Kama ndani kuna klipu ya simu ya mtu anapigwa mpaka anazirai, hakuna kichwa kitakachoiokoa. YouTube inataka muktadha uwe ndani ya picha na sauti, mtu anaeleza, sehemu mbaya imefunikwa, sio uandike "kwa elimu tu" kwenye maelezo halafu uache klipu icheze mwanzo mwisho.

Dawa na muguka, hapa pana mtego wake

Mombasa hii huwezi kuwa na chaneli ya mtaa bila siku moja kuongelea muguka au unga. Mwezi wa Mei 2024 kaunti ilipopiga marufuku muguka, kesi ikaenda mahakamani, kila mtu alikuwa na video. Tofauti inayokamata pesa ni kati ya kueleza na kufundisha kutumia. "Muguka Mombasa: wafanyabiashara na wazazi wanasemaje kuhusu marufuku" hio ni habari. "Vile unachanganya muguka na vitu upate stimu usiku mzima" hio ni maelekezo, na hapo hupotezi dola tu, waweza kufungiwa umri au video itolewe. Utasema lakini miraa na muguka ni mazao halali Kenya, sawa, ila anayeamua kuweka tangazo haangalii sheria ya Kenya peke yake.

Kwa unga ni vilevile. Mtu aliyeacha akieleza safari yake ni sawa, kichwa kikae upande wa kuacha: "Alivyotoka kwenye heroini: kijana wa Mji wa Kale na kliniki ya methadoni." Nimeandika heroini wazi. Kuandika "h€roini" ama "ung@" hakukusaidii, wanaoamua wanaangalia video inaongea nini, na yule mama wa Majengo anayetafuta msaada kwa ajili ya mwanawe hatakupata kwenye utafutaji manake hakuna mtu anayetafuta kwa alama ya @.

Dalili ya 2: Video imefungiwa 18+

Kabla ya kulia, angalia kama umeifunga mwenyewe. Sio mzaha. Wakati wa kupandisha kuna swali la kama video imetengenezwa kwa watoto, na chini yake imejificha `Age restriction (advanced)` yenye chaguo la `Yes, restrict my video to viewers over 18`. Mtu anaona swali la watoto, anasema moyoni hii yangu ni ya watu wazima, anabonyeza hilo la chini. Kusema video "si ya watoto" na kuifungia 18+ ni mambo mawili tofauti kabisa, mapishi ya biriani si video ya watoto lakini hakuna mtu anayepaswa kukatazwa kuitazama. Ukikuta ni wewe, badilisha, kwisha habari.

Kama ni YouTube wamefunga, sababu ya pili ni wewe mwenyewe kuiita ya kikubwa kwa maneno. Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu manake kina kila kitu ndani.

Kuna dada muuguzi upande wa Changamwe, ana chaneli ya afya ya wanawake, anaongea vizuri sana, amevaa buibui yake mbele ya pazia, anaeleza namna ya kujikagua titi kama kuna uvimbe. Anaonyesha kwa mwanasesere wa mafunzo, si kwa mwili wa mtu. Video ikapigwa zote mbili, dola njano na 18+. Kichwa chake kilikuwa hivi:

*MATITI MAKUBWA YANAUMA?? 🔞 18+ TU, USITAZAME UKIWA NA WATOTO*

Nikamuuliza, "Dada, hio 18+ si umeiandika mwenyewe?"

"Si nilitaka watu wazima ndio watazame, naona haya ikifika kwa watoto wa madrasa."

Sasa haya yake naielewa, lakini yani umempelekea hakimu barua ya kukiri kosa ambalo hukufanya. Tukafungua na vyengine. Kava ilikuwa picha aliyoichukua mtandaoni ya kifua cha mwanamke kimekuzwa, ina duara jekundu. Maelezo yalianza na "video moto moto." Na kwenye tagi, yule kijana anayemsaidia kuedit alikuwa amejaza `uchi`, `sexy`, `mrembo wa mombasa` na majina ya wasanii, eti ili video ipande. Hio ya tagi na maelezo ya uongo ni kosa la peke yake, inaitwa maelezo ya kupotosha, na ukiahidi uchi ambao haumo ndani video yaweza kutolewa kabisa hata kama yaliyomo ni safi. Halafu faida yenyewe ni ndogo, YouTube wenyewe wanasema tagi hazina uzito mkubwa katika kupatikana kwa video.

Tulichoandika:

*Uvimbe kwenye titi: jinsi ya kujikagua nyumbani na lini uende kliniki*

Neno "titi" limebaki, na limebaki makusudi. Alitaka kuandika "sehemu ya juu ya mwanamke," nikamkatalia. Ukiandika hivo mgonjwa hakupati, na mtu anayesoma anabaki kuwaza mabaya zaidi kuliko neno lenyewe. Kilichoondoka ni "makubwa," ambalo halina kazi ya tiba, ile alama ya 🔞, na lile onyo. Neno la mwili likikaa karibu na uvimbe, kujikagua, kliniki, dalili, linasomeka kama tiba. Likikaa karibu na makubwa, moto, utamu, tazama, linasomeka kama kitu chengine. Kanuni hio inafanya kazi kwa hedhi, kwa uzazi wa mpango, kwa tezi dume, kwa mambo ya ndoa pia.

Mistari ya mwanzo ya maelezo tukaiandika upya, inasema yeye ni muuguzi, video inatumia mwanasesere, na inafaa kujikagua siku chache baada ya hedhi kuisha manake titi linakuwa halijavimba. Kava tukaweka uso wake na mwanasesere pembeni, maneno mawili tu, "Jikague mapema." Tagi zote tukafuta tukaacha chache zinazohusu titi na saratani.

Halafu ndio tukaomba rufaa, ya umri kwanza. Hapa kuna jambo la kushika, rufaa ya 18+ ni mara moja tu kwa kila video. Usiibonyeze ukiwa na hasira usiku, safisha kila kitu kwanza kisha omba. Kwenye kisanduku cha maelezo usiandike insha ya kulalamika, andika mistari michache kama: video ni ya elimu ya afya, anayeongea ni muuguzi, hakuna mwili wa mtu ulioonyeshwa, anatumia mwanasesere kuanzia dakika fulani. 18+ ikatolewa, baadae tukaomba mapitio ya dola nayo ikarudi kijani.

Mambo ya unyago na mafunzo ya bi harusi ni kundi hilo hilo lakini ni gumu zaidi, na nitasema ukweli, video nyingi za hao makungwi wa mitandaoni zimefungiwa kwa haki. Ukieleza mwili, usafi, kuzungumza na mume, maumivu, ni elimu. Ukieleza mikao kwa sauti ya kunong'ona na kava ya kanga imelowa, hata ukiandika "Somo la ndoa kwa wanandoa watukufu" utafungwa, na mimi sina dawa.

Sababu ya tatu ya 18+ ni matusi ya nguoni. Kuna kitu kimewachanganya watu hapa, Julai 2025 YouTube walilegeza kuhusu matusi makali kwenye sekunde 7 za mwanzo za video, zamani yalikuwa yanakata pesa. Watu wakasikia "matusi yameruhusiwa." Hapana, kilicholegezwa ni hizo sekunde za mwanzo na ni upande wa matangazo. Tusi kali kwenye kichwa au kava bado linakula pesa, na likiwa zito laweza kuleta 18+ pia. Wachekeshaji wetu ndio wanapigwa sana hapa, wanachukua lile tusi ambalo mhusika kalitoa mwishoni wanaliweka kichwani kwa herufi kubwa. Badala yake tumia kile kilichosababisha tusi: "Konda alipomrudishia chenji ya uongo mama wa Kongowea" inachekesha zaidi kuliko tusi, maana mtu anataka kujua mama alisema nini. Ukilificha na nyota upande wa matangazo linahesabiwa jepesi kuliko likiwa wazi, lakini mimi naliondoa tu, nafasi ya kichwa ni herufi 100 na zile za mwanzo ndio zinaonekana kwenye simu.

Dalili ya 3: Kila video mpya inapata tatizo, hata ya kupika mahamri

Hapa usihangaike na kichwa cha video moja, tafuta kitu kinachojirudia. Nenda `Settings`, kisha `Upload defaults`. Huko ndiko maelezo yako ya kudumu yanakaa, yale ya "nifuate hapa, namba ya biashara, linki zangu," yanajibandika kwenye kila video. Watu wanayaandika mara moja wanayasahau miaka.

Kitu ninachokikuta huko zaidi ni linki za kamari. Mwenye chaneli alipewa pesa kidogo aweke linki ya kasino ama ya tovuti ya kubeti, akaiweka kwenye maelezo ya kudumu. Tangu 19 Machi 2025 YouTube hawaruhusu kabisa kuelekeza watu kwenye tovuti za kamari ambazo hazijaidhinishwa na Google, iwe kwa linki, kwa maandishi kwenye picha, kwa nembo au hata kwa kutaja mdomoni. Na video zinazoonyesha au kutangaza kasino za mtandaoni zaweza kufungiwa umri hata kama hamna linki. Kwa hio huyu mpishi wa mahamri anabeba mzigo wa kasino kwenye kila video yake bila kujua.

Futa linki kwenye `Upload defaults`, halafu rudi kwenye video za zamani pia, kufuta kwenye mipangilio hakufuti kwenye zilizokwisha pandishwa. Pale kwenye `Content` unaweza kutia alama video nyingi kwa pamoja ukaedit maelezo, lakini soma vizuri kabla ya kubonyeza, usije ukafuta maelezo yote ya miaka.

Ndugu zangu wa mechi za wikendi, nanyi: "odds za uhakika," "fixed mechi leo, huwezi kupoteza," hayo maneno acheni. Kuahidi kwamba mtu lazima atashinda ndio kosa lenyewe, video inatolewa. "Uchambuzi wa mechi: fomu, majeruhi na mabao ya mechi 5 zilizopita" ndio badala yake, ila video iwe uchambuzi kweli.

Kama `Upload defaults` ni safi, angalia maandishi ya mwanzo wa video zako yanayojirudia na kava zenye muundo mmoja, waweza kukuta nembo ya kampuni ya kamari iko pembeni tangu mwaka juzi.

Dalili ya 4: Nimebadilisha kichwa na dola bado ni njano

Siku moja mbili za mwanzo dola yaweza kugeuka geuka yenyewe wakati mashine bado inaangalia, hapo subiri tu. Baada ya hapo, kubadilisha maneno peke yake si ombi la kupimwa upya. Lazima ubonyeze `Request review` pale kwenye dola, binadamu aangalie, na yaweza kuchukua mpaka siku 7. Uamuzi huo ni wa mwisho, ndio maana nasema kila kitu kisafishwe kabla, sio uombe leo kesho ukumbuke kava.

Usifute video ukaipandisha tena. Unapoteza watazamaji, unapoteza maoni, na kama tatizo ni lile lile utapata njano ile ile.

Kwa video zijazo fanya hivi: pandisha ikiwa `Private`, ukifika hatua ya `Checks` ngoja ukaguzi wa matangazo umalize ndio uendelee. Ikitoka njano hapo hapo bado hujaionyesha mtu, rekebisha kichwa na kava, ukiona umeonewa omba mapitio ikiwa bado imefichwa, ikirudi kijani ndio uitoe. Kwa habari moto moto najua huwezi kusubiri, lakini kwa makala ya wiki nzima sioni sababu ya kukimbia, pesa nyingi ya video kama hizo huja siku za mwanzo na ukianza na njano hizo siku hazirudi.

Dalili ya 5: Dola ni kijani lakini pesa imeshuka

Hapo si maneno. Januari matangazo hupungua kila mwaka baada ya msimu wa Desemba, ama watazamaji wako sasa wengi ni wa nchi nyengine, ama video ni fupi. Acha kichwa chako kilivyo.

Wapi usimame uache kujirekebishia

Ukipata onyo au straiki, hio si habari ya kubadilisha maneno tena. Straiki 3 ndani ya siku 90 chaneli inakwenda, kwa hivyo usijaribu jaribu kwa kupandisha vichwa tofauti uone kipi kitapita. Soma barua pepe, jua ni sera gani, ondoa video za namna hio, kata rufaa kama kweli umeonewa.

Ukitolewa kwenye mpango mzima wa kulipwa, unayo siku 21 za kukata rufaa. Ukiwa bado mwanachama wa mpango una haki ya kuongea na watu wa msaada wa YouTube kutoka ndani ya Studio penyewe, kwenye alama ya usaidizi. Tumia hio. Usimpe nywila kijana yeyote anayesema ana mtu wake Google atakutolea dola ya njano kwa elfu mbili, hana mtu, na siku inayofuata chaneli yako inauza sarafu za kidijitali.

Video yenye mtu anayeongelea kujiua, ama aliyebakwa, ama mtoto aliyedhulumiwa, usianze na swali la kichwa. Usieleze njia aliyotumia mtu kujidhuru, popote, si kwenye kichwa si ndani. Mtoto usimtaje jina, usionyeshe uso, shule wala nyumba yao, hata kama mzazi amekubali mbele ya kamera, hapo tafuta mtu wa kitengo cha watoto au mshauri nasaha kabla hujaitoa. Na ukitaka kumuita mtu jina "mwizi," "muuaji" au "mbakaji" kwenye kichwa na kesi haijakatwa, hio dola ya njano ni shida ndogo, ongea na wakili kwanza, manake neno "mshukiwa" halikulindi kila mara kama umeweka na picha yake pamoja na jina la mtaa.